SOMO LA KATIBU: MCHANGO WA HIARI WA UZEENI NA NAFUU YA KODI

Vyama vingi vya ushirika nchini Kenya vina waajiriwa wa mshahara: makarani, wapimaji wa mazao, madereva na wahasibu. Katibu ndiye anayetayarisha orodha ya mishahara yao, na namna anavyoitayarisha huweza kumwongezea mfanyakazi gharama ya akiba au kumpunguzia. Somo hili linaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea.

Sheria ya kodi ya mapato huruhusu mchango wa uzeeni uondolewe katika mshahara kabla ya kodi kukadiriwa. Fedha hizo basi hazitozwi kodi zinapoingia katika mfuko. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, kiasi kinachoruhusiwa kwa mwezi ni kile kilicho kidogo kati ya vitatu: mchango wenyewe, asilimia 30 ya mshahara, au Sh. 30,000. Hapo awali kikomo cha mwisho kilikuwa Sh. 20,000. Mchango wa lazima wa NSSF umo ndani ya kikomo hicho.

Tuchukue mfano wa mhasibu aliyelipwa Sh. 60,000 kwa mwezi katika mwaka 2025. Hukatwa NSSF Sh. 3,600, bima ya afya ya jamii Sh. 1,650, na ushuru wa nyumba Sh. 900. Makato hayo yote huondolewa kabla ya kodi, na mshahara unaotozwa hubaki Sh. 53,850. Kwa viwango vya mwaka huo, Sh. 24,000 za kwanza zilitozwa asilimia 10, Sh. 8,333 zilizofuata asilimia 25, na zilizozidi hapo, hadi Sh. 500,000, asilimia 30. Baada ya kuondoa nafuu ya kila mtu ya Sh. 2,400, kodi yake ilikuwa Sh. 8,538, naye akapokea mkononi Sh. 45,312.

Mhasibu huyo akiamua kuchangia kwa hiari Sh. 5,000 zaidi, mshahara unaotozwa hushuka hadi Sh. 48,850, na kodi hushuka hadi Sh. 7,038. Mkononi atapokea Sh. 41,812. Mfuko wake umepata Sh. 5,000, lakini yeye amepungukiwa Sh. 3,500 tu. Zile Sh. 1,500 ni kodi ambayo hakulipa. Kikomo chake ni asilimia 30 ya mshahara, yaani Sh. 18,000. Ukiondoa NSSF, bado ana nafasi ya Sh. 14,400.

Nafuu hii haiwi sawa kwa wote. Mlinzi wa ghala mwenye mshahara wa Sh. 25,000 hubaki na Sh. 22,437 baada ya makato ya lazima. Kodi yake ya Sh. 2,243 humezwa yote na nafuu ya Sh. 2,400, hivyo hana kodi ya kupunguza. Akichangia Sh. 1,000, zinamgharimu Sh. 1,000 kamili. Katibu asimwahidi mtu huyo faida isiyokuwapo.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kukadiria kodi kwanza, kisha kukata mchango wa hiari pamoja na mikopo. Mhasibu wetu angepokea Sh. 40,312, na kwa mwaka angepoteza Sh. 18,000. Kosa hili hutambulika kwa urahisi: mchango umeanza, lakini kodi katika hati ya mshahara haikubadilika. Mfanyakazi aangalie pia kadi yake ya P9 kama mchango umeandikwa humo. Anayelipa mwenyewe moja kwa moja katika mfuko hudai nafuu yake katika ripoti ya mwaka ya iTax, kabla ya tarehe 30 Juni, na atunze vyeti vya malipo.

Nafuu hupatikana kwa mfuko wa uzeeni uliosajiliwa tu. Hisa na akiba za chama cha akiba na mikopo hazimo. Hata hivyo, akiba hizo humwezesha mwanachama kukopa, ilhali fedha za uzeeni hufungwa. Zikitolewa katika umri wa kustaafu hazitozwi kodi. Zikitolewa mapema, huweza kutozwa. Kwa hiyo mwenye karo ya kulipa mwakani asihamishe akiba yake yote kwa ajili ya nafuu ya kodi.

Zoezi: Karani wa mshahara wa Sh. 45,000 anachangia kwa hiari Sh. 4,000. Kwa viwango vya mwaka 2025, mchango huo unamgharimu kiasi gani? (Jibu: Sh. 2,800.)