Mafuta ya Asili Usoni: Yanayong'arisha na Yanayoziba Ngozi

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya kaya ambayo chupa moja ya mafuta ya nazi hutumiwa na wote: mtoto hupakwa mwili mzima baada ya kuoga, mama hujipaka miguuni, binti huyatia kichwani kabla ya kusuka, kisha kinachobaki viganjani humalizikia usoni. Kwenye miguu na mikono mazoea haya hayana shida. Usoni mambo hubadilika, kwa sababu ngozi ya uso si sawa na ya miguu, na mafuta yote hayafanani.

Mng'ao unatoka wapi

Tabaka la juu la ngozi limeundwa na chembe zilizokufa zilizopangana. Ngozi ikikauka, kingo za chembe hizo huinuka, mwanga hutawanyika ovyo, na uso huonekana umepauka. Mafuta huzilaza kingo hizo. Mwanga sasa hurudi kwa mpangilio, nasi tunasema uso unang'aa.

Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuyazuia yaliyomo yasitoke. Ndiyo maana hufanya kazi vizuri yakipakwa mara tu baada ya kunawa, uso ukiwa bado na unyevu. Matone 2 au 3 yanatosha uso mzima. Mafuta magumu kama ya shea, chukua kiasi cha punje moja ya dengu, yayeyushe kwanza kati ya viganja. Ukigusa uso baada ya dakika 10 na kidole kikatoka kinateleza, umezidisha. Ziada hiyo haiongezi mng'ao. Hunasa vumbi, na kwa baadhi ya watu huanza kuziba vitundu.

Kitundu cha ngozi kinavyoziba

Kila kitundu cha uso kina kinyweleo, na pembeni yake kuna tezi inayotoa mafuta ya mwili wenyewe. Chembe zilizokufa ndani ya kitundu hutakiwa kutoka nje pamoja na mafuta hayo. Zikigandamana, hufanya kizibo. Kikiwa wazi kwa juu hugeuka cheusi. Weusi huo si uchafu, hivyo hautoki kwa kusugua. Kikifunikwa na ngozi huonekana kama kipele kidogo chenye rangi ya ngozi yenyewe, kisichouma wala kuwasha. Bakteria wakichochea uvimbe, ndipo chunusi nyekundu yenye maumivu hutokea.

Baadhi ya mafuta huchangia kutengeneza kizibo hicho. Kizibo huchukua wiki kadhaa kukua, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Vipele vinapotokea mwezi wa pili, hakuna anayeyashuku mafuta aliyoanza kuyapaka mwezi wa kwanza. Lawama huangukia chakula alichokula jana.

Mafuta tunayoyajua

Yapo makadirio ya zamani yanayoyapa mafuta alama kuanzia 0, yaani hayazibi, hadi 5, yaani yanaziba sana. Alama nyingi zilitokana na vipimo vilivyofanywa kwenye masikio ya sungura, ambayo huziba upesi kuliko ngozi ya binadamu. Zichukue kama onyo la mapema. Jibu la mwisho utalipata kwenye uso wako.

*Mafuta ya nazi* kwa kawaida hupewa 4. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki. Ni kweli kwamba kwenye maabara asidi hiyo huua bakteria wa chunusi, na wengi huyapaka usoni kwa sababu ya habari hiyo. Lakini kuua bakteria kwenye kisahani hakuzibui kitundu kilichoziba. Yanafaa miguu, viwiko na mikono iliyokauka. Usoni, mwenye ngozi kavu asiyewahi kupata chunusi anaweza kuyavumilia. Mwenye ngozi ya mafuta au chunusi ayaache.

*Siagi ya kakao*, itokanayo na zao linalolimwa Kyela mkoani Mbeya, nayo hupewa 4. Ni nzuri kwa magoti na visigino. Usoni ni hatari kwa mwenye chunusi.

*Mafuta ya shea*, ambayo madukani wengi huyaita shea bata, hupewa kati ya 0 na 2. Ya Afrika Magharibi huwa magumu. Ya kaskazini mwa Uganda hutoka kwenye aina nyingine ya mti huo huo na huwa laini zaidi. Huyeyuka karibu na joto la ngozi, hukaa juu na kuzuia maji yasitoke. Yanafaa mashavu makavu, hasa wakati wa baridi. Kwenye paji la uso lenye mafuta yake tayari, huwa mazito mno.

*Mafuta ya alizeti* hupewa kati ya 0 na 2. Ya kawaida yana asidi nyingi ya linoleiki, na watafiti wameona kwamba mafuta ya ngozi ya wenye chunusi huwa na upungufu wa asidi hiyo. Ni mepesi na ya bei nafuu, hivyo ndiyo ya kuanza kujaribu. Tumia yaliyo mapya. Yaliyokwisha kukaangia hayafai usoni.

*Mafuta ya zeituni* hupewa kama 2, lakini yana asidi nyingi ya oleiki, ambayo hulegeza kinga ya ngozi ikipakwa mara kwa mara. Mwenye ngozi kavu inayowasha asiyategemee.

*Vaselini* haitokani na mmea, lakini huulizwa sana. Licha ya uzito wake, utafiti umeonyesha haizibi vitundu. Hushika vumbi tu na huacha uso ukiteleza.

Mfano: binti wa miaka 16, Tanga

Binti huyu ana vipele vingi vidogo kwenye paji la uso na kwenye panja, vimejipanga kufuata mstari wa nywele. Mashavu ni safi. Anadhani ni uchafu, kwa hiyo husugua uso kwa dodoki na sabuni ya mche asubuhi na jioni. Ngozi ikikauka na kukaza, anaongeza mafuta ya nazi.

"Shangazi, mafuta haya haya mmenipaka tangu mdogo. Iweje leo yaniletee vipele?"

"Mafuta hayajabadilika, mwanangu. Umebadilika wewe. Umevunja ungo, na uso wako sasa unatoa mafuta yake wenyewe."

Shangazi amesema kweli. Kabla ya balehe tezi za uso hufanya kazi kidogo. Balehe ikifika, homoni huziamsha, na mafuta yaliyovumilika utotoni hukuta kitundu ambacho tayari kimejaa. Mahali vipele vilipokaa panasema mengine. Vikiwa kwenye mstari wa nywele na panja, mshukiwa wa kwanza ni mafuta ya kichwani yanayoteremka kwa joto, au yanayohamia kwenye kitambaa cha kichwani na mto.

Binti huyu afanye hivi. Mafuta ya nazi yabaki kwenye nywele, yaishie vidole viwili kabla ya paji. Usiku afunge kichwa kwa kitambaa safi, na foronya ifuliwe kila wiki. Uso aunawe jioni kwa vidole na sabuni laini isiyokausha, asubuhi kwa maji tu. Dodoki liachwe. Paji lisipakwe chochote. Mashavu yakikaza, apake tone moja la alizeti kila upande.

Asipime mafanikio kwa wiki ya kwanza. Vizibo vilivyokwisha kutengenezwa vitaendelea kujitokeza. Kati ya wiki ya 6 na ya 8 ndipo aangalie kama vipele *vipya* vimepungua. Madoa meusi yanayobaki si vipele. Kwenye ngozi yetu hukaa miezi kadhaa kabla ya kufifia, na kuyaminya au kuyasugua huyaongezea muda.

Jaribu kabla ya kupaka uso mzima

Chagua mafuta ya aina moja. Kila usiku, kwa wiki 4, paka tone moja upande mmoja tu wa taya, chini ya sikio. Upande wa pili uache ulivyo. Mara moja kwa wiki simama pembeni mwa dirisha asubuhi, mwanga ukupige kwa ubavu, upapase pande zote mbili. Ukihisi chembechembe ndogo upande uliopakwa, mafuta hayo yanakuziba. Ukiwashwa, ukichomwa au ukivimba, hata siku ya kwanza, nawa na uache. Hapo ngozi imeyakataa.

Mafuta yenye harufu ya kuchacha yasijaribiwe, kwa kuwa huwasha ngozi. Ukipika mafuta ya nazi nyumbani, endelea kulichemsha tui hadi mlio wa kutatarika uishe, ndipo utajua maji yamekauka. Chuja kwa kitambaa safi, weka kwenye chupa kavu. Na kama umenunua, kumbuka kuwa mafuta halisi ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi. Yasiyoganda Njombe mwezi wa Julai yamechanganywa au yamechujwa kiwandani kwa namna maalumu.

Mng'ao ambao hautokani na mafuta

Hakuna mafuta ya mmea yanayobadilisha rangi ya uso ndani ya wiki moja. Ukiuziwa mchanganyiko wa "mafuta ya asili" usio na lebo, na uso ukawa mweupe upesi hivyo, huenda umetiwa steroidi, haidrokwinoni au zebaki. Steroidi hukondesha ngozi, na ukiacha ghafla uso huweza kuwaka na kutoa vipele vingi. Zebaki hudhuru figo. Usiendelee kupaka. Nenda kituo cha afya na ubebe kopo lenyewe.

Vilevile, mafuta hayazuii jua, na limao lisichanganywe nayo, kwa sababu likipigwa na jua huweza kuunguza ngozi. Mwenye ualbino anahitaji losheni ya kuzuia jua, kama Kilisun inayotengenezwa Moshi kwa ajili yake.

Nenda kituo cha afya ukiona haya

- Vipele vinavyofanana vyote kwa ukubwa na vinavyowasha, hasa pajini, kifuani na mgongoni. Huenda ni fangasi wa vinyweleo, ambao hustawi kwenye mafuta na hawaondoki kwa dawa za chunusi.
- Uvimbe mkubwa wenye maumivu chini ya ngozi, au makovu yanayoanza kubonyea. Makovu hayasubiri, hivyo usingoje wiki 8.
- Vipele visivyopungua wiki 8 baada ya kuacha mafuta yanayoshukiwa.

Chukua chupa zote unazopaka kichwani na usoni, hata zile unazodhani hazihusiki. Mhudumu akiziona, atakuuliza maswali ambayo maelezo ya mdomo peke yake yasingemfanya ayawaze.