Sauti ya kwanza ni ya prodyuza

Swali: Wimbo unaanza na mtu akitaja "Laizer", kisha dada anaimba. Nitaupataje?

Jibu: Huyo ni Laizer, prodyuza wa Wasafi. Jina lake limo mwanzoni mwa nyimbo nyingi, kwa hiyo linakupa studio, si wimbo. Usimuimbie Google hilo tamko, halina melodi. Imba kiitikio.

Kisha pima sauti. Dada wa kwanza wa kumjaribu ni Zuchu, aliyetambulishwa na Wasafi Aprili 2020. Kama uliusikia kabla ya hapo, jaribu Queen Darleen.

Ikiwa uliusikia kwenye miksi, hakikisha anayetajwa si DJ mwenyewe: jina la DJ hurudi katikati ya nyimbo, la prodyuza kwa kawaida halirudi.