Barua ya kufukuzwa kazi haitakiwi kuwa hukumu ya hasira

Barua ya kufukuzwa kazi kwa utovu mkubwa wa nidhamu husomwa na watu wengi kuliko yule iliyoandikiwa. Ataisoma atakayesikiliza rufaa kwa mwajiri. Ataisoma ofisa wa kazi wa serikali, na mambo yakifika mbali ataisoma jaji. Hakuna kati yao aliyekuwepo kazini kosa linalodaiwa lilipotokea, kwa hiyo barua ndiyo macho yao. Ikiwa imejaa matusi, haiwaonyeshi kitu. Ndiyo maana nashikilia kwamba mfanyakazi aliyefukuzwa ana haja kubwa zaidi na barua inayotaja ukweli, utaratibu na njia ya rufaa bila kumpendelea yeyote kuliko barua ya kumhurumia, na mwajiri mwenye hoja nzuri naye hapungukiwi kitu akiiandika hivyo.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa aina ya kazi iliyozoeleka ufukoni mwa Ziwa Mweru. Mtunza stoo wa mfanyabiashara wa samaki wa chisense huko Puta, wilayani Chienge nchini Zambia, anakabidhiwa barua yenye mistari mitatu: “Kwa kuwa wewe ni mwizi na umetutia hasara na aibu mbele ya wateja wetu, umefukuzwa kuanzia leo. Usionekane tena hapa. Polisi watakushughulikia.” Barua hii haisemi kilichopotea ni nini, kiasi gani, wala lini. Haitaji kanuni iliyovunjwa. Haisemi kama mtu huyu aliulizwa lolote, alijibu nini, nani aliamua, na akipinga aende wapi. Neno “mwizi” limewekwa mahali ambapo ushahidi ulipaswa kukaa.

Sheria ya Ajira ya Zambia, Na. 3 ya 2019, haimwachii mwajiri nafasi ya kuandika hivyo kisha akae kimya. Kifungu cha 50 kinataja sababu zinazoruhusu kumfukuza mtu papo hapo: utovu mkubwa wa nidhamu usioendana na masharti ya mkataba, kukaidi kwa makusudi amri halali, kukosa ujuzi alioahidi kuwa nao, uzembe wa mazoea au uliokithiri, kutokuja kazini mara kwa mara bila ruhusa wala sababu ya msingi, na kosa ambalo kanuni za nidhamu za mwajiri mwenyewe zimeliwekea adhabu hiyo. Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri aliyemfukuza mtu bila notisi wala malipo ya notisi apeleke taarifa ya maandishi kwa ofisa wa kazi wa wilaya ndani ya siku nne, akieleza mazingira na sababu. Kifungu cha 52 kinamtaka mwajiri atoe sababu ya kukatisha mkataba, kinakataza kuukatisha kwa ajili ya mwenendo wa mfanyakazi kabla hajapewa nafasi ya kusikilizwa, na kinambebesha mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na ya haki. Kanuni ya kusikilizwa kwanza imo pia katika Mkataba Na. 158 wa mwaka 1982 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Zambia imeuridhia.

Sasa tuiandike upya barua ya Puta. Tuseme daftari la stoo linaonyesha magunia 60 yaliyopokelewa tarehe 3 Juni, hakuna hata moja lililotolewa kwa stakabadhi, na hesabu ya tarehe 10 Juni ikakuta magunia 41. Aya ya kwanza itasema hivyo tu: “Tarehe 3 Juni ulipokea na kutia sahihi magunia 60 ya chisense. Hesabu iliyofanywa tarehe 10 Juni, ukiwepo, ilikuta magunia 41. Magunia 19 hayakuonekana, na hakuna stakabadhi ya kuyatoa.” Hakuna aliyeitwa mwizi, lakini msomaji amepata kila anachohitaji. Kila sentensi inaweza kupimwa kwa daftari, kwa stakabadhi au kwa shahidi, na mfanyakazi anajua ajibu nini. Akisema siku ya hesabu hakuwepo, hilo nalo linaweza kuchunguzwa. Neno “mwizi” haliwezi kupimwa kwa namna hiyo.

Aya inayofuata ndiyo waajiri wengi huiruka, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Inaeleza utaratibu jinsi ulivyokuwa: tarehe ambayo mfanyakazi alipewa tuhuma kwa maandishi, kanuni iliyotajwa kwenye tuhuma hiyo, siku alizopewa kujieleza, tarehe ya kikao, nani walikaa, na kama alikuwa na mwenzake au kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Kisha inaeleza alichosema. “Katika barua yako ya kujieleza ulisema kwamba ufunguo wa pili wa stoo hukaa na dereva, na kwamba usiku wa tarehe 7 Juni gari lilipakiwa wewe ukiwa nyumbani. Kikao kilimhoji dereva na mlinzi wa usiku. Wote wawili walisema stoo haikufunguliwa usiku huo. Kikao hakikukubali maelezo yako kwa sababu hiyo.” Huo ndio uandishi usioegemea upande: utetezi umetajwa kwa haki, na sababu ya kuukataa iko wazi. Kama mwajiri akijaribu kuandika aya hii akagundua hakuna aliyemhoji dereva, basi barua haijawa tayari, na uamuzi pia haujawa tayari.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata waajiri wenye nia njema. Mtu anashtakiwa kwa wizi, ushahidi wa wizi unalegea, na barua inamtia hatiani kwa uzembe. Huenda uzembe kweli upo, kwa kuwa magunia 19 yamepotea chini ya mikono yake. Lakini hakuitwa kujibu uzembe. Barua ikitaja kosa ambalo halikuwemo kwenye tuhuma, maana yake ni kwamba hakusikilizwa juu ya kosa lililomfukuzisha. Ukipokea barua yako, iweke kando ya barua ya tuhuma na ulinganishe makosa yaliyoandikwa. Yakitofautiana, hiyo ni hoja ya rufaa ya kuanza nayo. Na haifai mwajiri aandike kwamba “umetenda kosa la jinai”. Hilo ni la mahakama kuamua, kwa kipimo kikali zaidi cha ushahidi. Yeye anatosheka kusema kikao kiliridhika kwamba kanuni fulani ya kazi ilivunjwa.

Mwajiri atauliza: kwa nini nimwandikie kwa upole mtu aliyeniibia? Barua niliyoieleza haina upole. Inasema mkataba umekatishwa, tangu tarehe gani na kwa kanuni ipi. Kilichoondolewa ni matusi, na matusi hayaongezi ushahidi. Mbele ya ofisa wa kazi yanaweza hata kuonekana kama dalili kwamba uamuzi ulifanywa kabla ya kumsikiliza mtu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa kuwa limetoka Mahakama ya Juu ya Zambia. Katika kesi ya National Breweries dhidi ya Philip Mwenya ya mwaka 2002, mahakama ilisema kwamba mfanyakazi aliyetenda kosa linalostahili kufukuzwa hatendewi dhuluma kwa sababu tu utaratibu ulioandikwa kwenye mkataba haukufuatwa. Wapo wanaolisoma hilo kama ruhusa ya kuruka kikao. Mimi silisomi hivyo. Kwanza, msimamo huo unasimama juu ya neno “aliyetenda”, na bila ukweli ulioandikwa na kupimwa hakuna wa kujua kama alitenda. Pili, kesi ile ilihusu utaratibu wa mkataba, ilhali nafasi ya kusikilizwa sasa imewekwa na sheria ya Bunge iliyokuja miaka 17 baadaye, pamoja na mzigo wa ushahidi juu ya mwajiri. Lakini kesi hiyo inampa mfanyakazi onyo la kweli: usijenge rufaa yako yote juu ya kasoro za utaratibu ukaacha kujibu suala la magunia.

Mfanyakazi naye atasema: barua nzuri inamsaidia bosi, mimi nina faida gani? Faida yako ni sehemu ya mwisho ya barua. Inapaswa kutaja mshahara na stahili zako nyingine hadi siku ya kufukuzwa, zikiwemo siku za likizo ulizokwisha kuzipata, kwa kuwa kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinataka zilipwe hata kwa aliyefukuzwa papo hapo. Inapaswa pia kutaja unakata rufaa kwa nani, kwa maandishi, na ndani ya siku ngapi. Idadi ya siku hizo hutoka kwenye kanuni za nidhamu za mwajiri, kwa hiyo isipoandikwa unaweza kuikosa bila kujua. Baada ya hapo kuna muda wa kisheria: malalamiko hupelekwa Kitengo cha Mahusiano ya Kazi cha Mahakama Kuu ndani ya siku 90 tangu njia za rufaa kazini zilipokwisha, au tangu tukio lenyewe kama njia hizo hazipo. Mahakama inaweza kuongeza muda ukiomba, lakini ni lazima uombe. Kwa msomaji aliyeajiriwa Tanzania, muda ni mfupi zaidi: mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri kubadilisha lugha ya barua kwa sababu imekuudhi. Sababu, hata hivyo, analazimika kuzitoa. Kwa hiyo usiombe barua ya adabu, omba vilivyokosekana: “Naomba nielezwe kwa maandishi tarehe na kiasi cha upotevu, kanuni iliyotajwa, kumbukumbu za kikao, na mamlaka ya rufaa.” Jihadhari na mambo mawili. Barua mpya isitaje kikao ambacho hakikufanyika wala isirudishwe tarehe nyuma, kwa kuwa hapo si kuandika upya tena bali ni kughushi. Na ukiambiwa uiite “kujiuzulu” ili jina lako libaki safi, fahamu kwamba mtu aliyejiuzulu hupata shida kubwa kudai kwamba alifukuzwa.

Ukitakiwa kutia sahihi, tia, ukiandika kando: “Nimeipokea leo, sikubali yaliyomo,” pamoja na tarehe. Kama barua ni ya Kiingereza na hukiwezi vizuri, mtafute wa kukusomea siku hiyohiyo, maana siku zako zimeanza kuhesabiwa. Kuomba barua bora hakusimamishi hesabu hiyo. Kwa anayeishi Chienge, barabara ya kwenda Mansa, makao makuu ya mkoa, inapita Nchelenge na Mwense, na nauli yake si ndogo kwa mtu aliyekatiwa mshahara. Kwa hiyo kabla ya kusafiri, andika rufaa yako kwa mwajiri kwanza, bakiza nakala yenye sahihi ya aliyeipokea, na muulize ofisa wa kazi swali moja: je, taarifa ya siku nne kuhusu kufukuzwa kwangu ililetwa, na inasema nini? Ikiwa sababu zilizomo humo hazilingani na zile za barua yako, omba nakala na uiambatanishe na rufaa.