Tanbihi ya Kuambatisha kwenye Kazi ya Unukuzi

Makala haya yanaangazia jambo moja: tanbihi ambayo mwanafunzi anapaswa kuiambatisha anaporudisha zoezi la nyumbani la kunukuu utenzi kutoka hati za Kiarabu hadi hati za Kirumi.

Itakumbukwa kwamba hati za Kiarabu hazikuundiwa sauti zote za Kiswahili. Katika miswada mingi ya kale, herufi ba husimamia b, p na hata mb. Kasra huwa i au e. Nayo dhumma huwa u au o. Kwa hivyo mnukuzi hasomi tu, bali pia huchagua.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa uzamili tulipewa beti 12 tuzinukuu kwa wiki moja. Ubeti wa 4 ulikuwa na neno lililoandikwa kwa ba na ta, zote zikiwa na fatha. Laweza kusomwa pata, bata au mbata. Kwa kuwa ubeti ulitaja vyakula vya karamu, kitenzi pata hakikufaa. Mizani haikuamua, maana bata na mbata yote yana mizani miwili. Vina navyo havikusaidia, kwani neno lilikuwa katikati ya kipande. Nikaandika bata, nikarudisha kazi bila neno la ziada. Mhadhiri akaniuliza: “Bata huyu umemkuta mswadani au umemfuga mwenyewe?”

Kosa langu halikuwa kuchagua, bali kuficha kwamba nimechagua. Msomaji asiyeuona mswada angemhakiki bata huyo kana kwamba ameletwa na mtunzi. Nilipoirudia kazi, niliambatisha tanbihi hii:

“Dhana: Nimechukulia kuwa lahaja ni ya kaskazini, kwa sababu mswada una moya, si moja (ubeti wa 2 na wa 7). Katika ubeti wa 4 nimesoma bata. Mbata pia yawezekana, na likikubaliwa karamu itakuwa na nazi kavu badala ya nyama. Mipaka: Nimetumia fotokopi, sikuuona mswada wenyewe. Ukingo umekatwa, hivyo maneno mawili ya mwisho ya ubeti wa 9 nimeyaachia nafasi katika mabano.”

Ni bayana kwamba kila dhana hapo inaonyesha mahali pake, na pale penye utata inaeleza kitakachobadilika ikikataliwa. Kauli kama “huenda kuna makosa” haimwelekezi msahihishaji popote.

Aidha, si kila uamuzi ni dhana. Kipande kimoja kikiishia na milele, kasra ya mwisho katika vipande vinavyoshiriki kina hicho husomwa e. Huo ni ushahidi wa vina, na hauna haja ya kuingizwa katika tanbihi. Tanbihi ibebe yale tu ambayo mswada, mizani, vina na muktadha vimeshindwa kuyaamua.