Kuugeuza Ukurasa wa Zamani Kuwa Slaidi za Somo

Mwalimu mwanafunzi aliyejiandaa kwenda Kisarawe kwa mazoezi ya kufundisha alituletea hapa Kibaha ukurasa wa PDF juu ya kilimo cha muhogo. Kwanza tulijaribu kuteua neno moja kwa kipanya. Halikuteulika, nasi tukatambua kuwa ukurasa ule ni picha tupu, tena iliyopinda na yenye kivuli. Karatasi yenyewe alikuwa nayo. Basi tuliinyoosha na kuiskani upya kwa nukta 300 kwa inchi. Kisha tuliamuru:

```
tesseract muhogo.png muhogo -l swa
```

Alama `swa` huitaka programu isome Kiswahili, mradi data ya lugha hiyo imewekwa. Ikiachwa, husoma kana kwamba ni Kiingereza.

Kosa la "rnche" badala ya "mche" hujionyesha lenyewe. La hatari ni lile linalofanana na ukweli. "Ng'oa" lilipoteza kitone chake likawa "ngoa", yaani wivu! Na umbali wa mita 1.0 kati ya miche ulisomwa mita 10, kwa kuwa nukta ilikuwa imefifia. Kikagua tahajia hakiwezi kuligundua kosa hilo. Hivyo mmoja wetu alisoma tarakimu zote kwa sauti kutoka kwenye karatasi, mwingine akizifuata kwenye skrini.

Ndipo tulipoyabandika maandishi katika Impress, sehemu ya Outline: kila kichwa slaidi yake, na hoja zikasogezwa kwa kitufe cha Tab. Mchoro wa pingili tuliukata ukabaki picha, majina ya sehemu zake tukayachapa upya.