Utambi Mkavu na Sikio Litokalo Usaha

Mtoto anapoumwa sikio kwa usiku mbili au tatu, kisha ghafla maumivu yakapungua na mto wake ukaonekana umelowa usaha wa manjano, wazazi wengi huona kwamba ugonjwa umepasuka na sasa unakwisha. Kupungua kwa maumivu ni jambo la kweli. Usaha uliokuwa umejaa nyuma ya ngoma ya sikio umetoboa tundu na kupata njia ya kutokea, na ule mkandamizo uliokuwa ukimliza mtoto umelegea. Lakini tundu lile ni mlango, na mlango huo hupitisha vitu pande zote mbili. Usaha hutoka kwa njia hiyo. Maji ya mto, mafuta ya taa au vijidudu vya mikononi huingia kwa njia hiyo hiyo, hata vikafika katika chumba kidogo cha sikio la kati chenye vijifupa vitatu vya kusikia.

Mahali pa kulitazama jambo hili ni Mlabani, katika mji wa Ifakara, kwenye bonde la Kilombero. Nchi ile ni ya maji. Wakati wa masika mto Kilombero hufurika na kutapakaa katika tambarare, mto Lumemo nao huwahi kuingia mjini, na watoto hucheza na kuoga katika kila dimbwi. Tena ni nchi ya mpunga. Katika majira ya kilimo jamaa nyingi huhamia mashambani, mbali na zahanati, na kukaa huko kwa majuma mengi. Mtoto mwenye tundu katika ngoma ya sikio, akiwa karibu na maji na mbali na mganga, hutegemea zaidi yale anayoyafanya mama yake kuliko kitu kingine chochote.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka mitatu mwenye hali kama hiyo. Alianza kwa mafua. Vijidudu vya mafua hupanda kutoka kooni kwa mrija mwembamba unaounganisha koo na sikio la kati. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala, kwa hiyo safari yao ni nyepesi. Siku ya tatu sikio likaanza kutoa usaha. Usaha ambao haujatimiza siku 14 huhesabiwa kuwa wa ugonjwa mpya. Mtoto apelekwe zahanati bila kungoja, naye kwa kawaida hupewa amoksilini ya kumeza kwa siku 5, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Kazi ya nyumbani ni kulikausha sikio, na hapo ndipo makosa mengi hufanyika.

Kifaa cha kazi hiyo ni utambi wa kitambaa. Kitambaa kinachofaa ni cha pamba, kilichokwisha kufuliwa mara nyingi, kama kanga kuukuu. Kanga mpya haifai kwa kuwa ina wanga wa kiwandani unaozuia maji kunyonywa, na nguo za nailoni hazinyonyi kabisa. Kitambaa hicho kichemshwe, kianikwe juani hadi kikauke kabisa, kisha kikatwe vipande vidogo. Kila kipande husokotwa kwa vidole mpaka kipate ncha laini, na sehemu ya nyuma iachwe ndefu kiasi cha kushikika. Karatasi laini yenye nguvu yaweza kutumika pia, ila ile inayofumuka ikilowa isitumiwe, maana mabaki yake hubaki ndani na kuwa chanzo cha uozo mpya.

Mama hunawa mikono kwa sabuni, humpakata mtoto na kuegemeza kichwa chake kifuani, sikio bovu likielekea kwenye mwanga. Sikio la mtoto mdogo huvutwa taratibu kuelekea nyuma na chini kidogo; la mtoto mkubwa huvutwa nyuma na juu. Kwa kufanya hivyo njia ya sikio hunyooka. Utambi huingizwa polepole mpaka ulowe, huachwa kwa muda wa dakika moja, kisha hutolewa na kutupwa, na mwingine mkavu huingizwa. Kazi haimaliziki kwa utambi mmoja. Huendelea mpaka utambi wa mwisho utoke mkavu, na siku za kwanza zaweza kuhitajika tambi nne au tano kwa mara moja. Jambo hili hurudiwa si chini ya mara 3 kwa siku, hadi usaha ukome. Mama anayeingiza utambi mmoja asubuhi na kuuacha humo hadi jioni ameziba mlango huku usaha ukiendelea kujaa ndani. Vivyo hivyo kwa pamba inayofutikwa sikioni ili usaha usionekane.

Kijiti cha kiberiti, unyoya wa kuku na kijiti chenye pamba nchani havina nafasi katika kazi hii. Vitu vigumu huchubua ngozi na huweza kulipanua tundu la ngoma, na kile chenye pamba husukuma usaha ndani badala ya kuunyonya.

Sasa mafuta. Katika nyumba nyingi bibi wa mtoto ndiye mwenye neno la mwisho katika malezi, naye hushauri kwa nia njema tone la mafuta ya nazi lililopashwa moto. Pengine hutiwa mafuta ya taa, maziwa ya mama au maji ya majani yaliyokamuliwa. Sababu za kukataa vitu hivi zaweza kuonyeshwa darasani kwa bua la mpapai. Bua hilo likatwe urefu wa kidole na kuzibwa upande mmoja, kisha litiwe uji mwepesi. Utambi mkavu wa kanga kuukuu utaunyonya uji huo na kupanda nao, kwa sababu nyuzi za pamba zina nafasi nyembamba zinazovuta maji kama vile utambi wa taa unavyovuta mafuta. Katika bua la pili utumiwe utambi uliochovywa kwanza katika mafuta ya nazi. Wanafunzi wataona kwamba uji haupandi, au wapanda kidogo sana, kwa kuwa nafasi zile zimekwisha kujaa mafuta nayo hayachanganyiki na maji. Katika sikio mafuta hufanya jambo hilo hilo: huzuia ukaushaji, hufunika usaha ndani ya mahali penye joto na unyevu, na huizuia dawa ya matone isifikie ngozi iliyougua. Juu ya hayo, mganga atakayechungulia kwa taa yake ataona utando wa mafuta tu, na ngoma yenyewe haitaonekana. Mafuta ya taa yana ubaya zaidi kwa kuwa huunguza.

Kuna mafuta ya aina moja tu yanayoruhusiwa, nayo hayaingii sikioni. Mtoto anapoogeshwa, kipande cha pamba kilichopakwa vaselini huwekwa kwenye mdomo wa sikio kwa nje ili kuzuia maji, kisha huondolewa mara baada ya kuoga. Kuogelea na kupiga mbizi Lumemo au madimbwini kungoje hadi sikio liwe limekauka na mganga ameona kwamba ngoma imeziba.

Mtoto wa mfano wetu hurudishwa zahanati baada ya siku 5. Ikiwa homa imekwisha na tambi zinatoka zikiwa na usaha kidogo kuliko mwanzo, ukaushaji huendelea. Lakini ikiwa siku 14 zimetimia na usaha ungali unatoka, ugonjwa umebadilika tabia. Vijidudu vinavyokaa katika sikio la muda mrefu aghalabu ni vingine, navyo havijali amoksilini. Hapo kukausha peke yake hakutoshi, na jambo hili limepimwa hapa hapa Afrika ya Mashariki. Katika utafiti uliofanywa wilayani Kiambu, Kenya, na kutangazwa mwaka 1996, watoto wa shule waliokaushwa masikio bila dawa hawakupona kwa wingi kuliko wale ambao hawakutibiwa kabisa: katika makundi yote mawili waliokauka walikuwa kama asilimia 22. Waliokaushwa na kupewa pia dawa za matone na za kumeza walifika asilimia 51. Utafiti mwingine wa magharibi mwa Kenya, uliotangazwa mwaka 2005, ulilinganisha aina mbili za matone. Baada ya majuma mawili, yale ya siprofloksasini yalikuwa yamekausha masikio ya watoto 59 katika kila 100, na yale ya asidi ya boriki katika spiriti watoto 32.

Mtu asichukue matokeo hayo kuwa ruhusa ya kuacha utambi. Tone la dawa linaloanguka juu ya usaha mzito huelea juu yake na kumwagika nje. Kwa hiyo utambi hutangulia, na tone hufuata mara tu sikio linapokauka. Chupa hushikwa kiganjani kwanza ili dawa ipate joto la mwili, kwa kuwa dawa baridi humtia mtoto kizunguzungu. Mtoto hulazwa ubavu, matone hutiwa kwa idadi aliyoandika mganga, na kile kinyama kidogo kilichoko mbele ya tundu la sikio hubonyezwa mara kadhaa ili kuisukuma dawa ndani. Abaki amelala dakika chache. Kazi hii huchukua majuma mawili, kwa hiyo jamaa inayohamia shambani iondoke na dawa za kutosha pamoja na furushi la tambi zilizochemshwa. Matone yasinunuliwe dukani kwa kubahatisha: mengine, kama yale ya jentamisini, yaweza kuudhuru usikivu yakipita katika ngoma iliyotoboka.

Zipo hali ambazo utambi uwekwe chini na safari ianze siku ile ile. Ya kwanza ni uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, hasa sikio likionekana kusukumwa mbele. Maana yake usaha umeingia katika mfupa wa nyuma ya sikio, na kutoka hapo ubongo si mbali. Shingo kukakamaa, degedege, kutapika kila kitu, kulala kusiko kwa kawaida, kizunguzungu, au upande mmoja wa uso kulegea ni habari ya hatari kubwa zaidi. Katika Mlabani mtoto wa namna hiyo hupelekwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Aliye shambani ng'ambo ya mto asingoje maji yapungue. Ikiwa sikio linatoa maji maangavu au damu baada ya mtoto kuanguka na kugonga kichwa, lisiingizwe kitu chochote.

Usaha wenye uvundo mkali usiokwisha hata kwa dawa nao wataka kuchunguzwa na bingwa wa masikio, kwani huenda ngozi imeota ndani ya sikio la kati na inakula mfupa. Pengine sababu ni nyepesi kuliko hiyo. Katika nchi ya mpunga punje hupata njia ya kuingia sikioni mwa mtoto, na ikitiwa maji kwa kusudi la kuisafisha hufura na kukaza. Punje hiyo huiondoa mganga kwa chombo chake.