TANGAZO LIPO HEWANI LAKINI WATEJA HAWALIONI: ANGALIA KATEGORIA NA VISANDUKU

Leo tuongelee kitu ambacho wengi tunakiruka tukiwa na haraka ya kuposti: kuchagua kategoria na kujaza zile sehemu ndogo ndogo zinazotokea chini yake. Nitatumia laptopu kama mfano kwa sababu ndiyo bidhaa yenye visanduku vingi, lakini ukielewa hii utaweza kufanya hivyo hivyo kwa simu, viatu, friji au pikipiki.

Kwanza tuelewe mteja anavyotafuta. Mtu anayetaka laptopu kwenye masoko kama Jiji hapitii matangazo yote. Anaingia kwenye kategoria ya laptopu, halafu anafungua filta. Anatiki HP, anatiki RAM 8 GB, anaweka bei kuanzia laki tano mpaka laki saba. Matangazo elfu yanabaki arobaini, na hayo arobaini ndiyo anayoyaangalia.

Sasa hapa ndipo siri ilipo. Filta haisomi maelezo yako. Hata ukiandika kwenye maelezo "RAM 8, ipo vizuri sana bosi wangu", filta inaangalia kisanduku cha RAM tu. Kama kisanduku kiko tupu, mteja akitiki 8 GB wewe unatoka. Hautupwi chini ya orodha, unatoka kabisa. Na pesa ya kubusti haikuokoi hapo, kwa sababu kwa kawaida kubusti kunakupandisha juu ya wale waliopita kwenye filta. Kama hukupita, hakuna pa kukupandisha.

KATEGORIA NDIYO INALETA VISANDUKU

Watu wengi wanadhani kategoria ni kabati tu la kuweka tangazo. Hapana. Kategoria ndiyo inaamua utaulizwa maswali gani. Ukichagua Laptops & Computers utaulizwa kampuni, modeli, RAM, uwezo wa diski, saizi ya skrini na kadhalika. Ukichagua Computer Accessories, ambayo ni ya chaja, mausi na mabegi, hutaulizwa RAM kwa sababu chaja haina RAM. Kwa hiyo laptopu yako ikikaa kule, hata ungetaka kujaza huna pa kujaza.

Njia rahisi ya kujua kategoria sahihi ni kujifanya mteja. Andika jina la bidhaa kwenye sehemu ya kutafuta, fungua matangazo matatu ya wenzako wanaouza kitu kile kile, halafu angalia juu ya tangazo ile njia inayoonyesha kategoria kubwa mpaka ndogo. Kama yote matatu yanaonyesha njia moja, weka hapo hapo. Usichague kategoria kwa sababu ina matangazo machache ukadhani utaonekana zaidi. Ina machache kwa sababu wateja wa bidhaa yako hawaingii kule.

MFANO WENYEWE

Kuna dada mmoja jirani yangu wa duka. Anauza chaja, mausi na vifaa vingine vya kompyuta. Alichukua laptopu moja, HP EliteBook 840 G5, kwa hela ya kikoba, anataka kuiuza 620,000. Wiki ya pili inaisha, rejesho linakaribia, na hakuna hata mtu aliyepiga simu. Alishalipia kubusti mara moja. Akaniambia, "Mdogo wangu, nataka niishushe mpaka 540,000, labda bei ndiyo inawakimbiza." Nikamwambia, "Dada, kabla hujashusha, hebu tuangalie kama wanaiona."

Tulifungua tangazo. Kichwa kilikuwa "Laptop kali bei poa". Kategoria ilikuwa Computer Accessories, kule kule anakoposti chaja zake siku zote. Bei aliweka 1, kwa kuwa alitaka watu waulize inboksi. Hayo mambo mawili yalitosha kumficha. Kategoria ilimtoa kwa kila anayeangalia laptopu. Bei ya 1 ilimtoa kwa kila anayeweka kiwango cha bei, maana mtu aliyeandika 500,000 mpaka 700,000 hawezi kuona kitu cha shilingi moja.

Tukahamisha kategoria na kuweka bei halisi. Angalizo: mara nyingi ukibadili kategoria, vile ulivyojaza mwanzo vinafutika, kwa hiyo andika taarifa zako pembeni kwanza. Visanduku vikatokea. Viwili vitatu vilikuwa na nyota, yaani ni lazima, vingine havina. Dada akataka kujaza vya nyota tu aposti. Hapo nikamzuia. Nyota inakuambia kipi usipojaza tangazo halitakubaliwa. Haikuambii kipi kinatosha ili uonekane. Mteja anaweza kutiki kisanduku chochote kilichopo kwenye filta, kiwe na nyota au hakina.

Taarifa za kujaza usikisie. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika hivi, halafu bonyeza Enter:

```
msinfo32
```

Ukurasa utakaofunguka unaonyesha System Model (modeli), Processor (prosesa) na Installed Physical Memory (RAM). Kwa aina ya diski, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, bonyeza Disk 0, utaona kama ni SSD au HDD. Ya dada ilikuwa Core i5, RAM 8 GB, diski SSD, skrini inchi 14.

TATIZO LA 238 GB

Tukaposti. Baada ya tangazo kupitishwa, tukalitafuta kama mteja. Tulipotiki HP, lipo. RAM 8 GB, lipo. Tulipotiki diski 256 GB, likapotea.

Kumbe kwenye kisanduku cha diski dada aliandika 238, kwa sababu ndicho Windows ilichoonyesha. Hakudanganya na hakuibiwa diski. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows inahesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, ambayo ni kubwa kidogo, kwa hiyo diski ile ile inaonekana ndogo. Mteja anatafuta namba ya kiwandani, na filta inatumia namba ya kiwandani. Kwa hiyo geuza hivi:

Windows ikionyesha kama 119 GB, jaza 128 GB.
Ikionyesha kama 238 GB, jaza 256 GB.
Ikionyesha kama 476 GB, jaza 512 GB.
Ikionyesha kama 931 GB, jaza 1 TB.

Kama diski imegawanywa C na D, jumlisha kwanza ndipo ugeuze. RAM nayo ina mtego wake: ukiona "8.00 GB (7.88 GB usable)", jaza 8 GB.

Kwa ujumla, kisanduku kikiwa na orodha ya kuchagua, chagua kwenye orodha. Usikimbilie Other. Ukichagua Other kwenye modeli wakati EliteBook 840 G5 ipo, umejiondoa kwa kila anayetafuta modeli hiyo. Shuka orodha mpaka mwisho, au andika herufi chache uone kama itatokea. Kama kweli haipo, chagua Other na uandike modeli kamili kwenye kichwa cha tangazo, ili anayetafuta kwa kuandika akupate.

KISANDUKU CHA HALI YA BIDHAA

Hapa kuna kishawishi. Laptopu imetumika Ulaya, imesafishwa, inang'aa, na muuzaji anatiki Brand New ili aingie kwenye filta ya wanaotaka mpya. Ni kweli utaonekana. Lakini utaonekana kwa mtu asiyekutaka. Atapiga simu, atakuja dukani, ataona kitufe kimechakaa, ataondoka, na akipenda ataliripoti tangazo. Umepoteza muda wa watu wawili. Na yule aliyekuwa anatafuta iliyotumika kwa bei yako hiyo hiyo hakukuona, maana alitiki Used. Kama imetumika, weka Used. Kama imefanyiwa matengenezo na ukabadilishiwa vitu na chaguo la Refurbished lipo, weka hilo, na useme kwenye maelezo kilichobadilishwa ni nini.

JARIBIO LA DAKIKA TANO

Hili ndilo nataka ulifanye kila ukiposti. Subiri tangazo lipitishwe. Fungua brauza bila kuingia kwenye akaunti yako, au tumia simu ya mtu mwingine. Ingia kwenye kategoria, chagua mkoa wako, panga kuanzia jipya. Ukishaliona tangazo lako, anza kutiki filta moja moja: kampuni, kisha RAM, kisha diski, kisha hali, kisha bei. Kila ukitiki, hakikisha bado lipo. Filta litakapopotelea ndiyo inayokuambia kisanduku chenye kasoro. Kama hulioni hata kabla ya kutiki chochote, shida ni kategoria, mkoa, au halijapitishwa bado.

Ukikuta kosa, hariri tangazo lile lile. Usiposti la pili la bidhaa hiyo hiyo, maana masoko mengi yanafuta matangazo yanayojirudia.

Kichwa nacho kina kazi yake kwa wale wanaoandika badala ya kutumia filta. Cha dada tulikibadilisha kikawa "HP EliteBook 840 G5, Core i5 Gen 8, RAM 8GB, SSD 256GB". Kizazi cha prosesa tulikiweka pale kwa sababu kisanduku cha prosesa kilikuwa na Core i5 tu, na wateja wa laptopu wanauliza sana ni Gen ya ngapi.

Simu zilianza siku ya pili. Si nyingi, lakini zilikuwa za aina nyingine. Mwanzo, kwenye bidhaa zake nyingine, watu walikuwa wanauliza "bei gani, RAM ngapi" halafu kimya. Hawa walikuwa wanauliza duka liko wapi na betri inakaa saa ngapi, kwa sababu mengine walishayaona. Laptopu iliuzwa 600,000 baada ya kupatana. Ile 540,000 aliyotaka kushusha ingekuwa hasara ya bure, kwa sababu bei mpya nayo wasingeiona.

Visanduku havifanyi bidhaa mbaya iuzike, na kama bei yako iko juu ya soko filta itakuweka tu mbele ya watu watakaokupita. Ila kabla hujashusha bei au kulipia kubusti, fungua tangazo lako moja lililolala na ulipitishe kwenye lile jaribio. Likipotelea kwenye kisanduku usichokielewa, andika jina la kisanduku na kategoria kwenye komenti, tuangalie pamoja.